“Pole kwa hasara yako” si maneno ya kumwambia mfiwa

OBOKOTE, Kindu. Watu waliokimbia vita hawakubeba mengi. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, kisha Walikale mwezi wa tatu, wengi walitoka na watoto, sufuria, godoro kama lilipatikana, na simu. Ndani ya simu hiyo ndimo zilimobaki picha. Picha ya ndoa imeungua na nyumba, picha ya ukutani imebaki ukutani, lakini ile iliyopigwa kwa simu siku ya Pasaka au Idi bado ipo, pamoja na watu walioonekana ndani yake, ambao baadhi yao leo hawapo tena.

Siku hizi picha hizo zinaonyeshwa pia kwa programu za akili bandia, zile wanazoziita modeli. Mtu anaandika maneno machache, anaweka picha, anaomba isafishwe, ikuzwe, au aandikiwe tangazo la kifo. Anayefanya hivyo usiku wa manane, ndani ya nyumba ya familia iliyompokea, mara nyingi hakupata kilio cha kawaida. Alizika njiani au hakuzika kabisa. Hakukaliwa na majirani, hakuna aliyempikia, hakuna aliyemshika mkono. Kwa hiyo jibu la kwanza analopata kuhusu picha ile lina uzito ambao waliotengeneza modeli hizo, wakikaa mbali na Maniema, huenda hawakuufikiria.

Wapo wanaosema mashine haina moyo, basi isijitie kwenye msiba wa watu. Ni kweli haina moyo. Ila moyo unaozungumziwa hapa ni wa yule aliyetuma picha, na huo upo. Barua ya ofisi nayo haina moyo, na bado kuna barua inayoumiza na nyingine inayoheshimu, ingawa zote mbili zinaleta habari ileile.

Shida inaanza na pole yenyewe. Modeli nyingi zimejifunza kwa maandishi ya Kiingereza kuliko lugha nyingine yoyote, na Kiswahili chao kinabeba harufu hiyo. Ndiyo maana mfiwa anaweza kuandikiwa “samahani kwa hasara yako” au “pole kwa kupoteza mpendwa wako”. Maneno yote ni ya Kiswahili, lakini hakuna mtu wa Kindu anayesema hivyo akiingia kwenye kilio. Hasara ni ya mfanyabiashara ambaye pirogi yake imezama na magunia ya mchele. Mume aliyekufa si hasara. Na neno samahani ni baya zaidi, kwa sababu anayeomba samahani ni yule aliyekosa. Mwambie “samahani” mama aliyepoteza mtoto kwa risasi, naye ana haki ya kuuliza: kwani wewe ulifanya nini?

“Mpendwa wako” nayo ni nguo ya kuazima. Kiswahili kinamtaja mtu kwa udugu wake: mume, mke, kaka, mdogo wangu, shangazi, mzee, baba ya watoto. Mfiwa akiandika “muzee wetu”, jibu liseme “mzee wenu”. Akiandika “baba ya watoto”, hivyo hivyo. Kumgeuza mzee kuwa “mpendwa” ni kumwondolea nafasi yake nyumbani na kumweka kwenye kundi moja na kila marehemu wa dunia.

Pole sana, inatosha. Pole sana mama, ikiwa maneno yake mwenyewe yameonyesha kuwa ni mama. Kama hayajaonyesha, pole sana peke yake.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na ndilo linaloweza kujeruhi familia za wakimbizi kuliko zote. Watu wa huku hawapendi kutaja kifo waziwazi. Husema alitutoka, alituacha, amepumzika, amelala, Mungu amemwita, hatuko naye tena. Lakini maneno hayohayo yana maana nyingine za kila siku. Alituacha anaweza kuwa mwanaume aliyeiacha familia yake. Amelala anaweza kuwa mtoto aliyelala kweli. Na amepotea, kwa mtu aliyekimbia, mara nyingi maana yake ni kwamba amepotea: waliachana kwenye njia wakati milio ya risasi inasikika, na hadi leo hakuna anayejua kama yuko hai.

Kumwambia mama wa mtoto aliyepotea “pole kwa msiba” ni kumzika mtoto wake kwa maneno. Neno marehemu linatokana na Kiarabu, lina maana ya aliyerehemiwa, na wakristo wa Maniema wanalitumia sawasawa na waislamu. Ni neno zuri. Lakini ukilitumia kabla familia haijalitumia, unakuwa umetoa hukumu ambayo hata wao hawajathubutu kuitoa. Kwa hiyo kanuni ya modeli iwe hii: kifo kisitajwe mpaka mwenye picha akitaje yeye, na kitajwe kwa neno alilolitumia yeye. Kama maneno yake yanaweza kwenda njia mbili, liulizwe swali moja tu la upole, la kujua kama mtu huyo aliwatoka au bado wanamtafuta. Kama bado anatafutwa, pole inabaki ya wasiwasi, wala si ya msiba, na msaada unageuka: nguo alizovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, jina analoitwa nyumbani, na kwamba Msalaba Mwekundu unapokea maombi ya familia zilizotenganishwa na vita na unasaidia kuwatafuta ndugu zao.

Wakati wa kitenzi nao ufuatwe. Mama anaweza kuandika “mutoto wangu ana miaka 7” na mtoto huyo alifariki mwaka uliopita. Hakuna sababu ya kumsahihisha. Kama kwake mtoto bado “ana”, jibu linaweza kupita pembeni bila kusema ana wala alikuwa na. Kiswahili kinaruhusu hilo kirahisi. Kinaruhusu pia jambo lingine ambalo lugha nyingi za Ulaya haziruhusu: kuzungumza juu ya mtu bila kutaja kama ni mwanaume au mwanamke. Alikuwa, alipenda, aliwatoka, yote ni yuleyule. Modeli inayotazama picha ya bibi mwenye nywele fupi na kuandika “baba huyu” imejitafutia aibu bure, maana lugha ilikuwa imeshampa njia ya kutokea.

Sasa kesi yenyewe, hatua kwa hatua. Mfikirie mama aliyetoka upande wa Walikale, akashuka kwa barabara ya Lubutu, na sasa anakaa Obokote kwa familia iliyompokea. Picha pekee ya mumewe iliyobaki ni ile ya kadi ya mchaguzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitambulisho cha mkongomani wa kawaida. Ameipiga picha kadi hiyo kwa simu, chini ya taa hafifu, na plastiki inang'aa. Anaandika: “Huyu ni baba ya watoto. Alituacha njiani mwezi wa tatu. Nataka foto ikuwe kubwa, na tangazo ya kusoma kwa radio, sababu hatukufanya kilio.”

Kuna jibu ambalo modeli iliyozoea kuchangamka ingeweza kulitoa. Lingesifu picha: mwanaume mwenye macho makini, mtulivu na mwenye nguvu. Lingeomba samahani kwa hasara. Lingeweka orodha ya mambo matano ya kumsaidia kupitia huzuni, la kwanza likiwa kuongea na mtaalamu, la pili kufanya mazoezi ya mwili. Lingemwuliza alikufaje. Mwishoni lingemtakia siku njema na alama ya moyo.

Karibu kila kipande cha jibu hilo kina kosa lake. Uso wa mtu hausemi kama alikuwa mpole au mkali, na mke wake ndiye anayejua. Akiandikiwa “alikuwa mtu wa furaha” na kumbe mzee alikuwa mkimya miaka yote 20 ya ndoa, atajua mara moja kwamba anadanganywa, na hataamini kitu kingine kitakachofuata. Orodha hakuiomba. Swali la alikufaje linamrudisha kwenye njia ile ya mwezi wa tatu, na kazi yake haihitaji jibu hilo, maana tangazo la kifo halilazimiki kutaja sababu. Kama anataka kusimulia, atasimulia bila kuulizwa.

Jibu linalofaa ni fupi. Lianze na pole sana mama. Kisha lionyeshe kwamba ombi limeeleweka: hapakuwa na kilio, na tangazo hili ndilo litakalosimama mahali pake. Hapa “alituacha njiani” haihitaji swali, kwa sababu mama mwenyewe ametaja kilio. Halafu liombe yale tu ambayo kazi inayahitaji, nayo ni matatu: jina kamili pamoja na jina alilozoeleka nalo, majina ya wanaotoa tangazo, na kama kuna siku na mahali ambapo watu watakuja kukaa naye. Bila hayo matatu tangazo haliwezi kuandikwa, na modeli isijaze mapengo kwa kubuni.

Yeyote aliyewahi kusoma matangazo ya vifo redioni anajua sababu. Jina likikosewa herufi moja, kuna mtu Kasongo au Kibombo atakayelia kilio kisicho chake, na mwingine Punia atakayezima redio bila kujua kwamba ni kaka yake aliyetajwa. Ndiyo maana jina husomwa mara mbili, polepole, likafuatwa na jina la nyumbani. Msomaji mzuri haongezi sifa, hatikisi sauti ili asikike amehuzunika. Anasoma wazi na anapumzika kidogo kabla ya kuendelea. Modeli ingejifunza upole kwa msomaji huyo, ingefaa kuliko kujifunza kwenye kadi za rambirambi za madukani.

Dini nayo isikisiwe. Maniema ni jimbo ambalo misikiti ya zamani ya njia ya Kasongo na Nyangwe inaishi jirani na misheni za kikatoliki, na jina la mtu halitoshi kujua aliomba wapi. Kuna familia ambayo itafarijika kusikia kwamba ndugu yao yuko mikononi mwa Bwana. Kuna nyingine ambayo mjane wake yuko eda, miezi minne na siku kumi, anangoja dua na hatazamii misa. Kuna familia za kiislamu zinazopenda picha ya marehemu ikae ndani ya simu tu, isitundikwe ukutani. Modeli ikishauri kuweka picha kubwa sebuleni na mshumaa mbele yake, imeshaingia nyumba ya watu na viatu.

Ombi la picha kuwa kubwa linahitaji upole wa namna nyingine, ule wa kusema ukweli mapema. Picha ya kadi ni ndogo kama kidole gumba, na baada ya kukaa mfukoni miaka mingi imekwaruzika. Programu inapoikuza na kuisafisha, haiutafuti uso wa kweli uliojificha nyuma ya mkwaruzo, kwa sababu uso huo haumo tena ndani ya picha. Inachora mahali palipokosekana kwa kukisia, kutokana na nyuso nyingi za watu wengine ilizojifunza. Ikiwa pengo ni dogo, kwenye shavu au kola, mara nyingi hakuna shida. Ikiwa pengo liko kwenye jicho au mdomo, anaweza kutoka mtu mwingine anayefanana naye.

Mjane ataona kabla ya mtu yeyote. Kovu la juu ya nyusi limepotea. Mwanya wa meno umezibwa. Ngozi imekuwa laini kama ya kijana, wakati mwingine nyeupe zaidi. Macho mawili yamekuwa sawasawa kabisa, wakati moja lilikuwa limelegea kidogo tangu utoto. Kwa fundi wa picha hayo ni makosa madogo. Kwake yeye, watoto wataukua wakiujua uso ambao si wa baba yao. Kwa hiyo aambiwe kabla ya kazi kuanza, kwa sentensi mbili zisizo na maneno ya kiufundi, kwamba picha inaweza kukuzwa kiasi bila kugeuka, na ikizidi hapo uso utaanza kubuniwa. Achague yeye. Na ashauriwe aitunze ile ya kwanza, hata kama ina mikwaruzo, kisha aziweke mbili bega kwa bega na kutazama masikio, kovu na meno kabla ya kuwaonyesha watoto.

Kumwambia hivyo si ukali. Ukali ni kumrudishia sura ya mgeni na kuandika chini yake kwamba sasa picha imekuwa nzuri.

Kuna picha za aina nyingine ambazo hazikwepeki katika nchi hii. Mtu anaweza kutuma picha ya ndugu yake akiwa amelazwa, amefunikwa shuka, au mwili ulivyokutwa. Mara nyingi ndiyo picha ya mwisho iliyopo, na imezunguka kwenye simu za familia ili wa mbali waamini. Mashine inaweza kuikataa kwa onyo kwamba picha imevunja masharti, kana kwamba mfiwa ameleta uchafu. Kama kuna kitu haiwezi kufanya na picha ile, iseme hivyo baada ya pole, kwa maneno ya kawaida, na ieleze bado inaweza kusaidia nini: kuandika tangazo, kuandika barua. Isiyaeleze majeraha isipokuwa imeombwa wazi. Iseme “yeye” au imtaje kwa jina. Neno “maiti” ni la polisi na la hospitali, halisemwi mbele ya mama.

Upole huu una mpaka wake pia. Mfiwa anaweza kuandika “nataka nimfuate”. Kwa maneno mengine yangekuwa ya safari, lakini chini ya picha ya aliyekufa hayawezi kupitwa kama msemo. Hapo jibu liache tangazo kwanza, liulize moja kwa moja na kwa sauti ya chini kama anafikiria kujiua, na kama jibu ni ndiyo, kazi ya kwanza ni kumpata mtu wa kuwa naye usiku huo: mama mwenye nyumba, dada, pasta, imamu, muuguzi wa kituo cha afya cha karibu. Asilale peke yake. Lakini anayesema tu kwamba analia kila usiku hapaswi kujibiwa kwa namba za dharura na onyo. Kulia ndiyo kazi ya kilio, na yeye hakupata siku za kuifanya.

Kwa mama yule wa barabara ya Lubutu, akishatoa majina, tangazo lenyewe halizidi mistari sita. Jina la mume, mara mbili. Jina alilozoeleka nalo kwao Walikale, maana ndilo watakalolitambua waliotawanyika Lubutu, Kisangani na kwingineko. Kwamba aliwatoka njiani mwezi wa tatu 2025. Jina la mke na la watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kwamba wanaomfahamu watamkuta mjane Obokote, Kindu, siku atakayoitaja mwenyewe. Modeli imwandikie kwa Kiswahili alichokitumia yeye, cha huku, isimsafishie kuwa cha Dar es Salaam, kisha imwulize kama kuna jina lililosahaulika. Mara nyingi huwa lipo: mtoto wa kwanza, aliyetangulia zamani, ambaye mama angependa atajwe pamoja na baba yake.